Mteja akikusumbua kazini, bosi wako alichukua hatua gani? Tupeane uzoefu

Dada wa Mapokezi: Niko mapokezi, zamu ya usiku. Kuna mgeni wetu wa kila mwezi. Nikimpa ufunguo ananishika mkono na hauachii. Wiki iliyopita akaniuliza natoka saa ngapi, kisha nikamkuta ananisubiri getini. Nilimwambia meneja, akanihamishia stoo. Yule bwana yuko palepale, mimi nimepoteza posho ya usiku. Kwenu ilikuwaje?

Mzee wa Kaunta: Pole sana, binti yangu. Ila bosi hana lawama hapo. Mteja si mwajiriwa wake, atampa onyo gani?

Mwakilishi: Mzee wangu, onyo la nidhamu kweli hawezi kumpa. Lakini mlango ni wake, na huduma anaitoa yeye. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2019, unagusa hata unyanyasaji unaofanywa na watu wa nje kama wateja, na unamtaka mwajiri achukue hatua kulingana na uwezo alionao. Unazibana nchi zilizouridhia tu, kwa hiyo dada, tazama na sheria ya kwenu.

Niliwahi kumsindikiza mwenzetu kwenye shauri la namna hii. Kila tukio aliliandika usiku uleule: saa, maneno yenyewe bila kuyapamba, nani alikuwa karibu. Picha za kamera hufutwa na nyingine mpya zikijaa, kwa hiyo tuliomba kwa barua zitunzwe, kesho yake asubuhi. Meneja akamwita mteja, akamwambia bayana kilichokatazwa, na kuanzia hapo kaunta ikawa na watu wawili. Alirudia. Akasitishiwa huduma. Mwenzetu hakuguswa zamu yake, na hilo ndilo tulilolipigania zaidi.

Sauti ya Simu: Mimi hupokea simu za wateja. Tumeruhusiwa kukata mtu akitukana, baada ya kumwonya mara moja. Lakini kila simu niliyoikata inashusha alama zangu za mwezi, basi nameza matusi hadi mwisho. Huo ni ulinzi au ni karatasi tu?

Mwakilishi: Ni karatasi, mpaka simu hizo zitolewe kwenye hesabu ya alama. Mwombe msimamizi hilo kwa maandishi.

Kijana wa Zamu: Dada, kwani si uache kazi tu?

Dada wa Mapokezi: Mdogo wangu, kazi naipenda, na aliyekosa si mimi. Mwakilishi, malalamiko yangu nilitoa kwa mdomo tu. Nimechelewa?

Mwakilishi: Hujachelewa. Andika leo, taja na siku uliyomweleza meneja. Omba mambo mawili: urudishwe zamu yako, na mteja aambiwe. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. La getini kalitolee taarifa polisi pia, ila hilo halimwondolei meneja wajibu wake.

Mzee wa Kaunta: Na kama mgeni huyo ndiye anayeijaza nusu ya vyumba? Hapo sijaona meneja wa kumgusa.

Dada wa Mapokezi: Ndicho ninachokiogopa. Barua naipeleka kesho asubuhi, nitawaambia watakavyojibu.