Tupeane uzoefu: fi zilizoshikana zilishawahi kukuponza?

Mzee wa Stesheneri (Mwanga, Kigoma)

Wakuu, naanza mimi. Wiki jana mwalimu wa taaluma kaniletea PDF ya majina ya watahiniwa, anataka niyahamishie Excel, niongeze safu ya alama, nichape. Kurasa nane, fonti Calibri. Nikanakili, nikabandika, nikaona kazi imekwisha.

Kesho yake karudi. "Safina hayumo." Nikamwambia yumo, huyu hapa namba 47. Nikabonyeza `Ctrl+F`, nikaandika Safina: hakuna. Nikafumbua macho: hakuna. Na jina nalisoma kabisa! Kichwa cha jedwali nacho kilikuwa kituko, kimeandikwa "mƟhani". Nikadhani virusi.

Kumbe ni ligecha, zile herufi mbili zinazochongwa kama umbo moja. Waliokumbwa na haya waje wasimulie, tujue lini tuziwashe na lini tuzizime.

Kibirizi Boy

Hiyo ni Calibri, fonti mbovu. Chapa kila kitu kwa Times New Roman, hutaona shida.

Fundi Mitambo (Tabora)

Kaka, hapo umepata nusu. Ni kweli Calibri ina ligecha nyingi, na mbaya zaidi imeunganisha hata ti, ambayo kwa Kiswahili ipo kila mstari: cheti, mtihani, kati, kitini. Lakini fonti haina kosa. Kosa ni la programu iliyotengeneza hiyo PDF.

Iko hivi. Ukiandika Safina, kwenye faili unahifadhi herufi sita. Fonti ikiwa na ligecha, inachora f na i kwa umbo moja kwenye kioo, lakini chini yake herufi bado ni mbili. Ukitafuta, unapata. Shida inaanza faili likigeuzwa PDF. PDF inabeba maumbo, na pembeni inatakiwa iwe na orodha inayosema "umbo hili ni f na i". Orodha ikiandikwa vibaya, kinachonakiliwa ni kitu kingine.

Sasa angalia tofauti ya hizo mbili zako. Umbo la fi lina namba yake kwenye Yunikodi, U+FB01, basi programu imekupa hiyo: herufi moja iliyofanana na mbili. Umbo la ti halina namba yoyote, kwa hiyo imekupachika Ɵ. Hii ya pili afadhali, maana unaiona. Ile ya kwanza inakudanganya mchana kweupe.

Pima hivi, jina likiwa A2:

```
=LEN(A2)
```

Safina ikikupa 6, uko salama. Ikikupa 5, umebeba ligecha ndani ya maandishi yenyewe.

Mzee wa Stesheneri

Nimepima. Tano! Nifanyeje, nichape upya majina yote?

Fundi Mitambo (Tabora)

Usichape. Kwenye safu ya pembeni:

```
=SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(A2,UNICHAR(64257),"fi"),"Ɵ","ti")
```

64257 ndiyo ile U+FB01. Ya fl ni 64258, ya ff ni 64256, ya ffi 64259, ya ffl 64260. Hiyo ffl kwa Kiswahili utaisubiri mpaka uote mvi, labda upate majina ya Wazungu. Ila pitisha jicho kwenye orodha nzima utafute alama nyingine za ajabu, maana Calibri inaunganisha na tt. Na kuna PDF ambazo fi hainakiliki kabisa, inabaki nafasi tupu: "Sa na". Hapo fomula haikusaidii. Hujui kama lililotoka ni fi au fl au kitu kingine, inabidi urudi kwa aliyetengeneza faili.

Mama Kadi (Gungu)

Mie yangu ilikuwa kadi ya harusi. Mstari wa "Marafiki wa Bwana Harusi" bibi harusi alitaka herufi ziachane achane, za kisasa. Nikatanua nafasi. M a r a… zote zikaachana, fi ikabaki imegandana katikati kama mapacha. Nilibadili fonti, ikawa fi ya sura nyingine kabisa na wenzake. Nimehangaika mpaka saa tano usiku.

Fundi Mitambo (Tabora)

Dada, hayo maneno uliyachapa mwenyewe au uliyanakili mahali?

Mama Kadi (Gungu)

Walinitumia kwenye PDF ya kadi ya dada yake. Ahaa! Kumbe ugonjwa ni ule ule.

Fundi Mitambo (Tabora)

Ule ule. Futa, chapa f, chapa i. Ungeyachapa mwenyewe, InDesign ingeifungua ligecha yenyewe ulipotanua nafasi, na vivinjari vya wavuti hufanya hivyo ukiweka `letter-spacing`. Programu haziwezi kupasua herufi ambayo kwao ni moja.

Ustadh wa Ujiji

Assalaam alaykum. Nami nina shida hiyo. Natengeneza bango la madrasa kwenye Photoshop, herufi zinatoka moja moja, lam na alif haziungani, na maneno yanaanzia kushoto. Mnasema nizime ligecha, nizizimie wapi?

Fundi Mitambo (Tabora)

Waalaykum salaam, ustadh. Yako ni kinyume, usizime kitu. Lam-alif kwa Kiarabu ni lazima, siyo pambo kama fi. Programu yako inapanga maandishi kwa taratibu za Kilatini. Kwenye Photoshop za zamani ingia `Preferences`, kisha `Type`, utafute chaguo la lugha za Mashariki ya Kati; kwenye mpya ingia menyu ya `Type`, kisha `Language Options`, uchague `Middle Eastern Features`.

Kibirizi Boy

Basi kama zina balaa hivi, si tuzizime zote milele?

Fundi Mitambo (Tabora)

Hapana bwana. Marehemu baba alikuwa mpangaji wa herufi za risasi hapa Tabora. Alinionyesha f yenye pua iliyotokeza nje ya kipande chake. Ukiiweka jirani na i, pua inagonga nukta, mwisho inakatika. Ndiyo maana wakachonga fi kipande kimoja. Kwenye kompyuta haikatiki, lakini inagongana. Chukua fonti kama Garamond, andika "wafiwa" bila ligecha, kisha ukuze: pua na nukta zinafanya doa jeusi.

Mimi kitabu cha kusomwa kwenye karatasi nawasha. Orodha za majina, fomu, chochote kitakachonakiliwa, nazima kabla ya kutoa PDF. Kwenye Word chagua yote, `Ctrl+D`, ukurasa wa `Advanced`, `Ligatures` weka `None`. LibreOffice, kwenye jina la fonti unaandika `Carlito:-liga`.

Mwl. wa Darasa la Kwanza (Kasulu)

Mimi silalamikii PDF. Kuna fonti ambayo fi yake inameza nukta ya i. Nilichapa kadi za silabi, fa fe fi fo fu, mtoto kafika kwenye fi kakwama. Namwambia soma, ananijibu, "Mwalimu, i haina kichwa." Nikazima. Mwenzangu wa darasa la pili anasema nakosea, watazikuta vitabuni wazizoee mapema. Wenye watoto wanaoanza kusoma, ninyi mmeonaje?

Mama Kadi (Gungu)

Mwalimu, wa kwangu ana miaka sita. Jioni nitamchapia zote mbili nimwekee mezani, nitarudi kusema.

Mzee wa Stesheneri

Safina kapatikana, LEN sita. Kulikuwa na Mattayo mmoja katoka na alama isiyosomeka, nimempigia mwalimu kaniambia inavyoandikwa. Mama Kadi, tunakusubiri.