Chanjo ya mtoto imesogezwa: naomba mnisahihishie tafsiri

Mama Salma:
Habari zenu ndugu. Jana kliniki walinitumia ujumbe kwamba chanjo ya Salma, dozi ya pili ya surua, imesogezwa. Siku hiyo nitakuwa kazini, kwa hiyo atampeleka mama mkwe, naye anasoma Kiswahili tu. Kwenye simu imeandikwa `Thu 09/10, 2:15 PM`, jengo B. Nimemwandikia: "Tarehe 9 Oktoba, saa mbili na robo. Mlinzi wa mtoto aje na kitambulisho." Kwa Kiingereza wameandika `guardian`, na hilo la mlinzi hata mimi silielewi.

Baba Idi:
Tarehe iko sawa, siku hutangulia mwezi. Saa ndiyo umekosea. Hiyo ni saa nane na robo mchana.

Dada Rehema:
Saa ni kweli, lakini tarehe bado. Tazameni `Thu` pale mwanzoni, yaani Alhamisi. Fungueni kalenda ya 2026: 9 Oktoba ni Ijumaa, na 10 Septemba ndiyo Alhamisi. Hao wanatanguliza mwezi. Bibi angefika karibu mwezi mzima baadaye.

Na si mlinzi, ni mlezi: mzazi, au mtu mwenye mamlaka ya kisheria juu ya mtoto. Bibi anaweza kukataliwa hata akiwa na kitambulisho chake. Piga simu uulize kama barua yenye sahihi yako inatosha. Nyaraka nyingine wametaja zipi?

Mama Salma:
Kadi ya chanjo na kadi ya bima. Nilikuwa nimezisahau kabisa!

Mzee Hamisi:
Mjukuu wangu naye alicheleweshwa miezi mitatu. Je, walipaswa kumwanzishia dozi upya?

Dada Rehema:
Hapana mzee wangu, kwa surua wanaendelea pale alipoishia. Ndiyo maana kadi ni muhimu: muuguzi anaangalia dozi ya kwanza ilichomwa lini, maana kati ya mbili hizo zipite angalau wiki nne.

Mama Salma, mpe bibi hivi:

"Mama, chanjo ya Salma sasa ni Alhamisi, tarehe 10 Septemba, saa nane na robo mchana. Ile siku ya zamani usiende. Ni jengo B, si lile tulilozoea. Chukua kadi ya chanjo, kadi ya bima, kitambulisho chako na barua yangu."

Mwezi uandike kwa jina, usiweke tarakimu.

Baba Idi:
Asante kwa kunisahihisha, dada. Ila barua si lazima, mke wangu alimpeleka mtoto wa dada yake bila barua.

Mama Salma:
Nimewapigia. Tarehe ni 10 Septemba kweli. Barua ya kawaida hawaipokei, wana fomu yao ambayo lazima niitie sahihi mimi. Wamesema wataituma, bado naisubiri.