Jicho la kushoto limezima, mkono umekosa shabaha. Mafundi nisaidieni

Mzee wa Randa
Wakuu, mimi ni seremala, mwaka wa 18 kwenye mbao. Miezi miwili iliyopita kipande cha msumari kiliruka kikanichoma jicho la kushoto, halioni tena. La kulia ni zima, ila umbali umenipotea. Jana nimemimina chai pembeni ya kikombe, ikaishia mezani. Msumari naukosa. Vijana wakipita kushoto kwangu na mbao nashtuka. Msumeno wa mezani sijaugusa. Nirudi lini?

Mama Tunu
Pole sana kaka. Hilo lililobaki lilinde, na usilichoshe kwa simu, linabeba mzigo wa mawili.

Chongo wa Tanga
Mama Tunu, la kulinda ni kweli, ila jicho haliharibiki kwa kutazama.
Fundi, mimi nina mwaka wa tisa na jicho moja. Kinachosumbua zaidi ni vya karibu, pale mkono unapofika. Mdomo wa chupa ya chai uguse kwanza ukingo wa kikombe, ndipo uinamishe. Nyundo nayo iguse kichwa cha msumari, kisha inua upige. Ukiwa na shaka, sogeza kichwa kushoto na kulia polepole: kilicho karibu kitaonekana kuhama zaidi ya kilicho nyuma yake. Mwanzoni utajilazimisha, baadaye shingo inafanya yenyewe.
Na meza yako igeuze. Kushoto kwako kuwe ukuta, mlango na watu wawe kulia. Mimi hapo ndipo nilipoacha kushtuka.

Binti Saidi
Mama yangu ana mtoto wa jicho, naye anamwaga chai. Afanye hivyo hivyo?

Nesi Mstaafu
Binti Saidi, mpeleke akapimwe, mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji.
Mzee wa Randa, jicho lilitoboka? Nauliza kwa sababu jicho likitoboka, mara chache kinga ya mwili hugeuka ikalishambulia na lile zima, baada ya wiki, miezi au hata miaka. La kulia likiwa jekundu, likaumia kwenye mwanga au likaona ukungu, nenda siku hiyo hiyo. Usinunue dawa ya matone dukani. Na vaa miwani ya polikaboneti yenye kinga za pembeni kazini, hata ukipiga msasa tu.

Mzee wa Randa
Lilitoboka, wakashona. Hilo sikuambiwa. Asante sana dada. Meza nimegeuza leo asubuhi. Ila bosi anataka niwe kwenye msumeno Jumatatu.

Chongo wa Tanga
Mimi nilikaa miezi saba, mwenzangu alirudi baada ya minne. Jipime hivi: chomoa waya wa umeme, shika kijiti, lenga ncha ya jino moja la msumeno mara 20. Ukikosa hata mara moja, bado. Mwombe bosi akuweke kwenye msasa na vanishi.

Nesi Mstaafu
Hata ukipatia zote 20, mwone kwanza daktari aliyekushona. Kijiti hakipimi kona ya kushoto usiyoiona.