Yule bingwa wa lebo na kidole gumba chake. Leo nimechoka!

Kikaangio:
Wakuu, naandika hasira ikiwa bado ya moto. Mnamjua. Simtaji, nikimtaja atapata sifa, na sifa ndizo anazozitafuta. Yule yule ambaye uzi wowote wa chakula haupiti bila yeye kutia mguu, yule wa "lebo mimi naisoma nimefumba macho".

Mtu kauliza kistaarabu kabisa: jamani, kile kinywaji cha matunda cha chupa kina sukari nyingi? Bingwa huyo, akapiga picha lebo, akaibandika, akashusha fatwa: "Sukari gramu 9 tu, asilimia 20 tu, kunyweni." Nikamwambia kwa adabu zote, mkuu, kichwa cha safu hakionekani, kidole chako gumba kimekaa juu yake. Mnajua alinijibu nini? "Nenda kajifunze kusoma kwanza."

MIMI. Nikajifunze KUSOMA. Na kidole kiko pale pale, kinene kama nguzo ya daraja, kimeziba mstari pekee uliokuwa unasema hizo namba ni za kiasi gani cha kinywaji!

Haya, tusome wote polepole. Ile lebo ina safu mbili. Ya kushoto, iliyofunikwa kichwa, ina kalori 38, wanga 9.5, sukari 9. Ya kulia imekatwa na ukingo wa picha, lakini kuza uone: kwenye mstari wa sukari inachungulia 18, na chini yake kwa maandishi ya sisimizi, 20%. Picha ya mbele ya chupa inasema mililita 500. Lebo ya mtindo wa Ulaya ikiwa na safu mbili za namna hii, moja huwa ya mililita 100 na nyingine ya "kipimo kimoja" alichojipangia mtengenezaji. 18 ni mara mbili ya 9. Kwa hiyo kipimo chao ni mililita 200, na chupa ina vipimo viwili na nusu. Nani anakunywa sehemu mbili kwa tano za chupa halafu anafunga kizibo? Chupa nzima ni 9 mara 5, gramu 45. Kijiko cha chai ni kama gramu 4. Piga hesabu mwenyewe.

Na angalieni ujanja: gramu kazichukua safu ya mililita 100, asilimia kaichukua safu ya mililita 200, halafu kaziuza zote mbili kama za chupa nzima. Kisha mimi ndiye nikajifunze kusoma. Kusoma!

DadaMizani:
😂😂 Kidole kimefanya kazi kubwa kuliko mwenyewe.

Tete la Jioni:
Kikaangio punguza jazba, wewe nawe ukijibiwa kidogo tu unafungua uzi. Ila vijiko kumi na moja? Kwenye kinywaji cha "matunda"?

Mpima Unga:
Hesabu ya Kikaangio iko sawa, ila ile 20% ina mtego wake peke yake na naona mmeiruka. Lebo za Ulaya hupiga asilimia ya sukari kwa gramu 90 kwa siku, na hiyo 90 ni sukari yote, ya maziwa na ya matunda ikiwemo. 18 kwa 90 ndiyo hiyo 20%. Lebo za Marekani hutumia gramu 50, na hapo ni sukari ya kuongezwa tu. Kama 18 yote imeongezwa, kule ingeandikwa 36%. Kinywaji kilekile, kipimo kilekile. Ndiyo maana asilimia ikitoka kwenye picha isiyoonyesha ni lebo ya wapi, mimi huwa naiacha na kwenda kwenye gramu.

Ukitaka kigezo, Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilisema sukari huru, yaani ya kuongezwa pamoja na ya asali, sirapu na juisi, ibaki chini ya asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa anayekula kalori 2000 hiyo ni gramu 50, na ile ya pili gramu 25. Chupa hiyo moja ni 45.

Mzee wa Wanga:
Mpima umesema vyema. Mimi naongeza mbinu ya kuhakiki kama picha imesomeka sawa: gramu ya wanga mara 4, protini mara 4, mafuta mara 9, jumlisha. Hapa 9.5 mara 4 ni 38, kalori zimekubali, kwa hiyo safu ya kushoto ni ya mililita 100 bila ubishi. Na ukitoa sukari 9 kwenye wanga 9.5, ile 0.5 iliyobaki ni nyuzinyuzi. Kwa hiyo kinywaji kina nyuzinyuzi, tusikionee.

Mpima Unga:
Mzee, mbinu ni nzuri ila umeivusha mpaka. Hesabu ya kalori inakwambia tarakimu zimesomeka sawa, haikwambii safu ni ya kiasi gani. Safu ya kulia nayo itakubali: wanga 19 mara 4 ni 76. Kilichofichua kiasi ni kuwepo kwa safu mbili kwenye lebo ya mtindo wa Ulaya, na kwamba ni ya Ulaya tumejua kwa ile 20%, 18 kwa 90.

Na 0.5 si nyuzinyuzi. Kwenye lebo ya mtindo wa Ulaya nyuzinyuzi huandikwa nje ya wanga, zina mstari wake. Kwenye ya Marekani ndiyo huwa ndani ya wanga. Hiyo 0.5 inaweza kuwa wanga wa kukolezea, au maltodekstrini. Kwenye mstari wa sukari maltodekstrini haihesabiwi, lakini mwilini inageuka glukosi chapuchapu. Anayepima sukari ya damu aangalie wanga wote, asiishie kwenye mstari wa sukari.

Kikaangio:
Asanteni, lakini tusisahau KIDOLE. Na ile picha ya pili, ya viambato, mmeiona? Kaikata katikati! Nilichoweza kusoma: maji, juisi ya matunda iliyokolezwa, sirapu ya glukosi, dekstrosi, asali… halafu ukingo. Eti "hamna sukari hapo, soma vizuri". Soma vizuri, ananiambia.

Mpima Unga:
Hapo sasa. Viambato hupangwa kwa uzito, kizito kwanza. Ukitia sukari ya aina moja, itakaa nafasi ya pili na kila mtu ataiona. Ukiigawa kwa majina manne, kila jina linakuwa jepesi na kushuka chini, na neno "sukari" halitokei hata mara moja. Ukisoma, zijumlishe kichwani kama kitu kimoja: chochote kinachoitwa sirapu, vingi vinavyoishia na "osi" kama dekstrosi, asali, na juisi iliyokolezwa.

Tete la Jioni:
Nakataa hiyo ya juisi. Juisi ni tunda. Sasa tunda nalo ni adui?

Mpima Unga:
Tunda zima halimo. Juisi, na hasa iliyokolezwa, Shirika la Afya Duniani linaihesabu kwenye sukari huru, sawa na asali.

Tete la Jioni:
Basi lebo ya juisi tupu ya Marekani mbona inaandika sukari ya kuongezwa 0? Wao hawajui kusoma?

Mpima Unga:
Kwa sababu hakuna aliyeongeza kitu. Mstari unajibu "imeongezwa?", wewe unauliza "ipo?". Ni maswali mawili.

Tete la Jioni:
Bado sijakubali.

Kinu:
Nyie mnalia na kidole, mimi nalia na herufi. Kuna mtu (huyohuyo, mnamjua) kaleta picha yenye ukungu ya unga wa nafaka, safu ya gramu 100, akatangaza "mafuta 19, huu ni sumu". Lebo ilikuwa na wanga 80, protini 12, kalori 380. Jumlisha 80, 12 na 19 uone: 111. Gramu 111 ndani ya gramu 100! Ilikuwa "1 g", nafasi imemezwa na ukungu, g imegeuka 9. Tumia ile ya Mzee: 320 na 48 na 9 ni 377, imekaribia 380 kama inavyotakiwa, lebo hukadiria. Kwa 19 ungepata 539.

Mzee wa Wanga:
Nafurahi mbinu yangu imepata heshima yake mahali fulani.

DadaMizani:
Na peremende zilizoandikwa sukari 0 je? Nazo ni za kidole au za herufi?

Kinu:
Hizo ni za sheria. Marekani, kipimo kikiwa na sukari chini ya nusu gramu wanaruhusiwa kuandika 0. Sasa peremende moja ikiwa ndogo kiasi hicho na kipimo ni "peremende 1", inaweza kuwa karibu yote sukari na lebo ikasema 0. Kula pakiti halafu uzidishe sifuri.

Kikaangio:
Naona tumehama. Nilikuwa nasema, KAJIFUNZE KUSOMA, aliniandikia hivyo, na picha…

Bahari Tulivu:
Samahani wakuu, mimi nina shinikizo la damu, ya sukari hainihusu. Lebo yangu imeandika sodiamu 0.4. Hiyo si chumvi kidogo tu?

Mzee wa Wanga:
Kidogo sana, kula.

Kinu:
Mzee subiri! Sodiamu si chumvi. Zidisha kwa 2.5, inakuwa gramu 1 ya chumvi. Na hiyo 0.4 ni ya gramu 100 au ya kipimo?

Bahari Tulivu:
Imeandikwa kwa kipande. Vimo vinane.

Mzee wa Wanga:
Sikujua ni kipande.

Bahari Tulivu:
Nimeshakula vitano.

DadaMizani:
Tupia picha ya lebo nzima, kona nne zionekane.

Tete la Jioni:
Na mimi narudi kwenye juisi, sijamaliza.