Mrejesho: wastani wa mikondo mitatu na ANOVA

Niliuliza: "Mikondo A, B na C imepata wastani wa 52, 55 na 58 kwenye Hisabati. Tofauti hii ni ya kweli au ni bahati tu?"

Wakuu, asanteni sana. Nimefuata ushauri wa kutolinganisha mikondo miwili miwili, maana majaribio matatu ya t, kila moja kwa kiwango cha asilimia 5, yanaweza kupandisha hatari ya kuona tofauti isiyokuwepo hadi karibu asilimia 14. Nikafanya ANOVA ya njia moja, yaani jaribio linalolinganisha wastani wa mikondo yote kwa pamoja, tena kwa kikokotoo cha kawaida.

Kila mkondo una wanafunzi 40, na wastani wa jumla ni 55. Kati ya mikondo nikapata 40 × (9 + 0 + 9) = 720, nikagawa kwa 2, ikawa 360. Ndani ya mikondo varianzi, yaani kipimo cha mtawanyiko wa alama, ni 225. Hapo ndipo nilipoelewa: mkondo A peke yake una mwenye 24 na mwenye 83! F, yaani uwiano wa hizo mbili, ni 360/225 = 1.6, wakati kikomo cha kusema kuna tofauti ni kama 3.07. Haijafika, kwa hiyo jaribio la Tukey mlilopendekeza, la kuonyesha ni mikondo ipi inayotofautiana, sikulihitaji.

Palipokwama ni kwa mkuu wa idara, aliyetaka niandike kwamba mikondo iko sawa. Nimekataa. Kwa mtawanyiko huu na wanafunzi 40 kila upande, pengo halisi la alama 6 linaweza kuwepo na jaribio lisilione. Nimeandika tu kwamba ushahidi hautoshi, naye hajafurahi.