Mrejesho: Dante kwenye swichi ndogo, sauti imeacha kukatika

Niliuliza kuhusu Dante, mfumo wa kusafirisha sauti kupitia mtandao wa kompyuta: "Kwa nini sauti ya Dante inakatika kila baada ya dakika chache, ilhali swichi ina vifaa vinne tu?"

Chanzo kilikuwa EEE, uwezo wa swichi wa kuokoa umeme, ambao hulaza milango inapotulia na hivyo kuvuruga ujumbe wa saa unaofanya vifaa vyote viende sambamba; kwa kuwa swichi ile haikuwa na mipangilio yoyote, nililazimika kutafuta nyingine inayoruhusu EEE kuzimwa. Kisha, kwenye ukurasa wa Clock Status wa Dante Controller, niliiwekea miksa alama ya Preferred Leader, kwa sababu yenyewe haizimwi katikati ya kazi, tofauti na kisanduku cha jukwaani kilichokuwa kimeshika uongozi wa saa. Nimeijaribu saa tatu mfululizo kwa ucheleweshaji wa milisekunde 1, na sauti haikukatika hata mara moja.