MREJESHO: Kufungua mabano mawili bila kupoteza alama

Niliuliza: "Binti yangu akifungua (2x − 3)(x − 5) anapata 2x² − 15. Anakosea wapi?"

Wakuu, asanteni. Tulifuata ushauri wa kuchora kisanduku cha vyumba vinne: 2x na −3 pembeni, x na −5 juu, kila namba na alama yake. Vyumba vikajaa 2x², −10x, −3x na +15. Kumbe alikuwa anazidisha mwanzo kwa mwanzo na mwisho kwa mwisho tu, vile viwili vya kati anaviruka, na hasi mara hasi anaiacha hasi. Akajumlisha −10x na −3x, akapata 2x² − 13x + 15. Tukahakiki kwa x = 2: pande zote −3.

Palipogoma ni 10 − (x − 2)(x + 4). Kisanduku kilitoka sawa, ila ile hasi ya nje akaigawia x² peke yake, akaandika 10 − x² + 2x − 8. Sasa namlazimisha aandike kwanza 10 − (x² + 2x − 8), mabano yabaki, ndipo ageuze alama zote tatu: 18 − 2x − x². Bado husahau akiharakisha. Jana alisahau mara mbili kati ya maswali sita, lakini x = 2 ikamuumbua.